Mkono wa kiti uliopungua milimita 16: kisa cha nusu kipenyo na ncha nyoofu za bomba

Kazi ilikuwa ya viti 20 vya baraza kwa nyumba moja ya wageni iliyoko Raskazone, mjini Tanga. Mimi nilichora modeli kwa kompyuta, na karakana moja ya Ngamiani yenye mashine ya kukunja mabomba ilipewa kazi ya kukunja na kuchomelea. Kiti kina vipande kadhaa, lakini hapa nitaeleza kipande kimoja tu, kwa kuwa ndicho kilichotusumbua. Ni bomba linaloanza sakafuni likiwa mguu wa mbele, linapanda hadi usawa wa kiwiko, linakunjwa kurudi nyuma na kuwa mkono wa kiti, kisha linakunjwa tena kuelekea ndani ili likutane na bomba la mgongo. Mikunjo ni miwili tu: wa kwanza wa nyuzi 90, wa pili wa nyuzi 60, na huo wa pili haulali katika bapa la ule wa kwanza.

Vipimo nilivyokubaliana na mwenye nyumba vilikuwa vya kona kwa kona, yaani nukta ambazo mistari ya kati ya bomba ingekutana kama kusingekuwa na mviringo. Kutoka sakafuni hadi kona ya kwanza ni mm 650, kutoka kona ya kwanza hadi ya pili ni mm 420, na kutoka kona ya pili hadi nchani ni mm 80. Bomba ni la chuma laini, kipenyo cha nje mm 25 na unene wa ukuta mm 1.5. Kipenyo tulikihakikisha kwa vernia kabla ya jambo lolote, kwa sababu mtu akisema "bomba la inchi moja" dukani anaweza kupewa la fanicha lenye mm 25 au 25.4, au la maji ambalo nje lina zaidi ya mm 33, na bomba linalocheza ndani ya mfereji wa mashine hubonyea linapokunjwa.

Namna mashine ile inavyofanya kazi ndiyo inayoamua modeli ichorwe vipi. Kuna gurudumu lenye mfereji wa nusu duara ukingoni. Kibano kinashika bomba na kulikaza dhidi ya gurudumu, na nyuma yake kuna kiatu kirefu kinacholizuia bomba lisikimbilie nje. Gurudumu linapozunguka, kibano huzunguka nalo na kulivuta bomba, nalo hujiviringisha kwenye mfereji. Hivyo mchoraji hana hiari ya kuchagua mviringo, kwa kuwa mviringo ni wa gurudumu lililopo, na katika karakana ile kwa bomba la mm 25 lilikuwepo gurudumu moja tu. Vilevile kibano kinahitaji sehemu nyoofu ya bomba ya kushika, na kibano chetu kilikuwa na urefu wa mm 60.

Mambo hayo mawili, mviringo wa gurudumu na urefu wa kibano, yalipaswa kuwa namba za kwanza katika modeli yangu. La kibano sikulipima kabisa. La gurudumu nililipima kwa macho: niliona limegongwa namba 75, nikaiandika na kuondoka.

Kosa lilianzia hapo, na nililifanya nikidhani ninakuwa mwangalifu. Nilichukulia kwamba 75 ni nusu kipenyo cha upande wa ndani wa mkunjo, pale bomba linapogusa sakafu ya mfereji, nikaongeza nusu ya kipenyo cha bomba, yaani mm 12.5, na kupata mm 87.5 kwenye mstari wa kati. Mantiki ya hesabu ilikuwa sawa, ila namba haikuwa ya upande wa ndani. Watengenezaji wa magurudumu haya hawafuati desturi moja: wapo wanaogonga kipimo cha mstari wa kati na wapo wanaogonga cha ndani. Njia ya kujua ni kupima kutoka katikati ya ekseli hadi sakafu ya mfereji. Sisi tulipokuja kupima tulipata mm 62.5, na ukiongeza 12.5 unapata 75 kamili. Namba iliyogongwa ilikuwa ya mstari wa kati tangu mwanzo.

Jaribio la kwanza lilishindikana hata kabla kosa hilo halijaonekana. Tulianza na ncha fupi, ile ya mm 80, kwa sababu ukianza na mkunjo wa mguu utabaki na mguu wa zaidi ya nusu mita unaoyumba hewani unapogeuza bomba kwa ajili ya mkunjo wa pili. Ila mm 80 ni kipimo cha hadi kona, si urefu wa sehemu nyoofu. Mkunjo unaanza kabla ya kona, kwa umbali unaopatikana hivi:

```
T = R * tan(pembe / 2)
```

R ni nusu kipenyo cha mstari wa kati. Kwa R ya 87.5 na pembe ya nyuzi 60, T ni mm 50.5, kwa hiyo sehemu nyoofu iliyobaki nchani kwenye modeli yangu ilikuwa mm 29.5. Kibano cha mm 60 kikashika bomba kwa nusu tu ya urefu wake. Fundi aliliona mara moja, akaniambia, "Mwanangu, umeniachia kidole, mashine inataka mkono," lakini akakaza na kujaribu ili nione mwenyewe. Bomba liliteleza. Dalili zilikuwa wazi tulipolitoa: mikwaruzo inayong'aa kwa urefu mahali kibano kilipokuwa, mkunjo ambao haukufika nyuzi 60 ingawa gurudumu lilifika, na makunyanzi madogo upande wa ndani. Makunyanzi yale yanafaa kuelezwa, kwa sababu mtu anaweza kuyalaumu kwa ukuta mwembamba wa bomba. Bomba linapovutwa vizuri, upande wa nje hunyooshwa na wa ndani hubanwa kiasi; likiteleza, mvuto unapotea na chuma cha ndani kinasukumwa kikusanyike. Bomba lilelile, gurudumu lilelile, likashikwa vizuri siku iliyofuata, halikutoa kunyanzi hata moja.

Dawa yake haikuwa kubadilisha umbo la kiti. Mwenye nyumba alitaka mkono uingie kwenye mgongo kwa kipande kifupi, na kuurefusha kungesogeza mgongo mzima. Dawa ni ziada: bomba linakatwa likiwa refu nchani, linakunjwa, kisha ziada inaondolewa. Hapa ncha ile ilikuwa lazima ikatwe kwa vyovyote, maana inakutana na bomba la mviringo na inahitaji kuchongwa mdomo wa kulikumbatia lile jingine kabla ya kuchomelewa. Tuliongeza mm 30. Nilikuwa na wasiwasi wa kupoteza chuma, mpaka nilipohesabu. Mabomba tuliyonunua yalikuwa ya mita 5.8. Kipande bila ziada kina takriban mm 1110, na bomba linatoa vipande vitano. Kipande chenye ziada kina mm 1140, vitano ni mm 5700, unabaki na mm 100 za kula msumeno. Hesabu ya mabomba ilibaki ileile, manane kwa vipande 40, kwa hiyo ziada ile ilitoka kwenye kipande ambacho kingetupwa.

Jaribio la pili, likiwa na ziada, lilikunjika safi, na hapo ndipo kosa la mviringo lilipojitokeza. Tulipokipima kipande, mkono ulikuwa na mm 404 badala ya 420, na mguu ulikuwa na mm 666 badala ya 650. Fundi alidhani tepu ilisogea wakati wa kuweka alama. Mimi nami ningekubali, isipokuwa makosa yale mawili yalikuwa karibu sawa kwa ukubwa na yalielekea pande kinyume. Tepu ikisogea, kipimo kimoja huharibika na vingine hubaki. Kipande kimoja kikipungua na kingine kikiongezeka kwa kiasi kilekile, huku urefu wote wa bomba ukiwa ni ule uliokatwa, maana yake kuna kitu kinachogawa urefu vibaya baina yao, na kitu cha aina hiyo ni mviringo.

Fuatilia hesabu uone. Kwenye modeli yenye 87.5, sehemu nyoofu ya mkono ilikuwa 420 ukitoa 87.5 za kona ya nyuzi 90 na 50.5 za kona ya nyuzi 60, yaani mm 282. Hiyo ndiyo fundi aliyoisukumia mashine. Lakini gurudumu la 75 linatumia mm 75 na mm 43.3 kufika kwenye kona, kwa hiyo kona kwa kona ni 282 na 75 na 43.3, ambayo ni mm 400.3. Kwa hesabu hiyo mm 19.7 zinapotea; mkono wetu ulipungua 16 tu, na zile mm 4 za tofauti zitajieleza kwenye jaribio la tatu. Wakati huohuo matao yenyewe yalimeza chuma kidogo kuliko modeli ilivyodhani: kwa gurudumu la 75, tao la nyuzi 90 hutumia mm 117.8 badala ya 137.4, na la nyuzi 60 mm 78.5 badala ya 91.6. Chuma kilichosalia kilisogea chote hadi mwisho wa foleni, kwenye mguu. Kama tungeanza kukunja kutoka upande wa mguu, nyongeza hiyo ingetokea kwenye ncha ya ndani, tungeikata pamoja na ziada, na tungebaki na mkono mfupi na mguu uliopungua mm 10 bila kuelewa umetoka wapi. Mpangilio wa mikunjo unaweza kulificha kosa, kwa hiyo kipande cha kwanza cha majaribio kipimwe kila sehemu kabla hakijakatwa popote.

Niliporekebisha modeli kuwa 75 na kufanya jaribio la tatu, nilitarajia mambo yaishe. Mkono ukatoka na mm 424. Sehemu nyoofu ilikuwa sahihi kwa hesabu, mm 301.7, kibano hakikuteleza, na hata hivyo mkono umezidi mm 4.

Jibu lilikuwa kwenye pembe. Chuma kikishaachiwa hurudi nyuma kidogo, na ili kupata nyuzi 90 fundi alikuwa anazungusha mashine hadi 93, na ili kupata 60 anafika 62. Hilo kila fundi analijua. Lisilofikiriwa sana ni kwamba bomba linaporudi nyuma, urefu wa tao haubadiliki. Tao lililojiviringisha kwa nyuzi 93 kwenye nusu kipenyo cha 75 sasa limelala katika nyuzi 90, kwa hiyo limefunguka, na nusu kipenyo chake kimekuwa 75 mara 93 gawanya kwa 90, yaani mm 77.5. Kwa mkunjo wa pili, 75 mara 62 gawanya kwa 60, jibu ni 77.5 vilevile. Kwa mviringo huo, umbali wa kufika kwenye kona ni mm 77.5 na mm 44.7, na ukiujumlisha na 301.7 unapata mm 423.9. Zile mm 4 zimeonekana zilipotoka.

Kwa hiyo mviringo unaopaswa kuingia kwenye modeli ni ule wa bomba lililokwisha kuachiwa. Namba ya gurudumu inakufikisha karibu tu. Tuliuthibitisha kwa kipande cha majaribio, kwa njia ambayo sasa ninaitumia kabla ya kuchora chochote. Tulichukua kipande kinyoofu, tukakiwekea alama mm 200 kutoka nchani, tukaibana alama hiyo pale hasa mkunjo unapoanza, kwenye ukingo wa kibano, tukakunja hadi nyuzi 90 zilipotimia kwenye guniya baada ya kuachia. Kisha tukapima kutoka ile ncha hadi uso wa nje wa upande wa pili. Kipimo hicho ni jumla ya mm 200, nusu kipenyo cha mstari wa kati, na nusu ya bomba. Tulipata mm 290. Ukitoa 200 na 12.5, inabaki 77.5. Kama bomba lisingerudi nyuma kabisa tungesoma 287.5, tofauti ambayo tepu nzuri inaiona. Bomba la duka jingine, lenye chuma kigumu zaidi au ukuta tofauti, litarudi kwa kiasi chake, kwa hiyo jaribio hurudiwa kila mzigo mpya unapoingia. Gharama yake ni nusu mita ya bomba.

Modeli ya mwisho niliijenga upya kwa FreeCAD, nikianza na njia ya mstari wa kati na kuacha bomba lenyewe baadaye. Hapo kwanza nilikuwa nachora bomba kama umbo nene na kulizungusha kona zake, na mtindo huo ndio unaomfanya mtu asijue anazungumzia mviringo wa ndani, wa kati au wa nje. Njia ina nukta nne tu:

```python
import FreeCAD as App, Draft
V = App.Vector
w = Draft.make_wire([V(0,0,0), V(0,0,650),
                     V(0,420,650), V(69.28,460,650)])
w.FilletRadius = 77.5
App.ActiveDocument.recompute()
print(w.Shape.Length)
```

Nukta ya mwisho ni mm 80 kutoka kona ya pili, ikielekea ndani kwa nyuzi 60. Urefu unaochapishwa ni mm 1108.4, nao unalingana na jumla ya sehemu zake: nyoofu ya mguu 572.5, tao 121.7, nyoofu ya mkono 297.8, tao 81.2, na nyoofu ya nchani 35.3, ukiachilia desimali. Ukijumlisha kona kwa kona bila mviringo unapata 1150, na tofauti hiyo ya zaidi ya mm 41 ndiyo anayopoteza mtu anayekata bomba kwa vipimo vya kona. Bomba lenyewe hufuata njia hiyo kwa amri ya `Sweep`, kwa duara la nusu kipenyo cha 12.5 nje na 11 ndani.

Ziada ya mm 30 sikuiweka kwenye modeli ya kiti. Modeli inaonyesha kipande kilichokamilika, na pembe zilizomo ni 90 na 60 kamili. Karatasi ya mashine ndiyo inayobeba ziada, pamoja na 93 na 62 za kwenye kipimapembe cha mashine. Nimewahi kuona modeli iliyochorwa kwa nyuzi 93 ili "kumsaidia fundi", naye fundi akaongeza zake tatu. Karatasi yetu ilisema: kata mm 1140, shika ncha mm 65.3 na kukunja hadi 62. Sukuma mm 297.8, zungusha bomba robo mzunguko, kunja hadi 93. Kinachobaki ni mguu, nao umezidi mm 1.5, unaosawazishwa miguu yote minne ikiwa imesimama sakafuni.

Kile kirobo cha mzunguko kilitupatia kizaazaa cha mwisho. Mkono wa kulia na wa kushoto hutofautiana kwa kitu kimoja tu katika karatasi nzima, upande wa kuzungushia. Baada ya mkunjo wa kwanza bomba limelala mlalo kwenye mashine. Likizungushwa ncha iliyokunjwa ikatazama juu, unapata mkono wa upande mmoja, na ikitazama chini unapata wa upande wa pili. Niliandika "robo mzunguko" bila kusema wapi, na kijana wa mashine akakunja vipande sita vyote vikitazama juu, kwa kuwa ndivyo rahisi. Hatukutupa kitu, tulihesabu sita hizo kuwa za kulia na kuendelea na za kushoto, lakini kama ingekuwa zamu nzima ya siku hadithi ingekuwa nyingine. Kwa zile za kutazama chini ilibidi pia tupime nafasi, maana ncha ikiwa na ziada inashuka karibu mm 102 chini ya mstari wa kati, ukihesabu na unene wa bomba, na meza ya mashine ilikuwa chini yake kwa mm 140.

Jambo moja dogo lilitoka kwa fundi, nami nimeliongeza kwenye karatasi. Bomba la fanicha lina mshono wa kiwandani kwa urefu wote. Kwa kawaida mshono huwekwa ubavuni mwa mkunjo, ambapo chuma hakinyooshwi wala kubanwa sana. Katika kipande hiki haiwezekani kwa mikunjo yote miwili, kwa sababu ukishazungusha bomba robo, mshono uliokuwa ubavuni unahamia nje au ndani kabisa ya mkunjo wa pili. Fundi aliuelekeza katikati, nyuzi 45, akauwekea mstari wa chaki, na mstari huohuo ukamsaidia kujua robo mzunguko imetimia. Vipande vyote 40 vilitoka bila mshono kupasuka, na tofauti ya mkono mmoja na mwingine haikuzidi mm 1. Ncha zilikatwa na kuchongwa mwishoni, mkono ukiwa umefungwa kwenye jigi pamoja na mgongo.